Mteja katuma picha yenye watamaki anataka niifute nimuwekee kwenye bango, hii imekaaje?

DizainaMsaka
Wakuu habari zenu. Nina kazi ya bango la kusimama lile la sentimita 85 kwa 200, pamoja na vipeperushi vya A4. Mteja anauza vifaa vya uvuvi, kanitumia picha kali balaa, mvuvi anavuta nyavu alfajiri jua linachomoza nyuma yake, uso unaonekana vizuri kabisa. Tatizo picha nzima imepigwa watamaki ya mshazari inayojirudia rudia. Nikamwambia mbona ina alama, kanijibu "we ifute tu, picha iko wazi mtandaoni kila mtu anaitumia".

Kuifuta kwangu siyo ishu, nusu saa nimemaliza. Ila moyo unasita. Nauliza hivi, kosa liko wapi hasa, kutumia picha au kufuta alama? Na kama ni kosa, nafanyaje nipate hiyo picha ikiwa safi bila mteja kunikimbia?

Kifundo
Mkuu unajitesa bure. Futa, halafu kwa chini andika "picha kwa hisani ya fulani", mwenyewe akiona jina lake atafurahi. Halafu ukibadilisha rangi na kukropu kidogo inakuwa kazi mpya, kuna ile kanuni ya asilimia 30.

BibiLenzi
Kifundo mwanangu hiyo asilimia 30 nimeisikia miaka yote nilipokuwa mhariri wa picha na sijawahi kuiona kwenye sheria yoyote. Haipo. Ukibadilisha rangi unakuwa umetengeneza kazi inayotokana na ya mwenzako, na hiyo nayo inataka ruhusa yake.

Dizaina, umeuliza vizuri maana watu wengi wanachanganya. Hapo kuna makosa mawili na kila moja linasimama peke yake. La kwanza ni kunakili na kutumia picha bila leseni, hilo lipo hata kama picha haina alama yoyote, kwa sababu chini ya Mkataba wa Berne hakimiliki inaanza picha inapopigwa, hakuna cha kusajili wala kuandika jina. Kwa hiyo "iko wazi mtandaoni" maana yake inaonekana tu, haina maana kwamba imetolewa bure.

La pili ndiyo kufuta. Ile watamaki inasema picha ni ya nani na kwa leseni uende wapi. Mkataba wa Hakimiliki wa 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, kifungu cha 12, unazitaka nchi wanachama ziwe na njia za kisheria za kumbana anayeondoa taarifa za namna hiyo huku akijua, au akiwa na kila sababu ya kujua, kwamba anarahisisha uvunjaji wa haki. Ulaya wakaiweka kwenye agizo lao la 2001, Marekani iko kwenye kifungu cha 1202 cha sheria yao ya hakimiliki, na kule mahakama inaweza kutoza dola 2,500 mpaka 25,000 kwa kila kosa la kuondoa, mbali na fidia ya kutumia picha yenyewe. Nchi yako angalia sheria yake ya hakimiliki, utakuta sehemu inayohusu taarifa za usimamizi wa haki.

Sasa utamu wa jambo, au uchungu, ni huu. Mtu aliyetumia picha isiyo na alama anaweza akajitetea kwamba hakujua ina mwenyewe. Aliyekaa nusu saa anafuta alama moja moja atasema hakujua nini? Kule kufuta kwenyewe ndiko kunakomtia hatiani. Na krediti ya Kifundo ndiyo inazidi kuharibu, maana umeandika kwa mkono wako kwamba mwenye picha unamjua.

Kifundo
Bibi sawa, ila watu wanafuta kila siku na hawakamatwi. Na kama watamaki iko pembeni tu, nikikropu ile kona sijafuta kitu, nimekata tu.

BibiLenzi
Kuna kesi karibu ifanane na hiyo. Mpigapicha Peter Murphy wa Marekani aliwapiga watangazaji wawili wa redio picha kwa ajili ya jarida. Jarida likachapa jina lake kwa herufi ndogo pembeni ya picha. Mtu wa kituo cha redio akaskani ukurasa, akakata ule ukingo wenye jina, akaweka picha kwenye tovuti yao. Kituo kikajitetea kwamba kifungu kile ni kwa ajili ya mifumo ya kidijitali tu, siyo jina lililochapwa kwenye karatasi. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tatu ikakataa utetezi huo, ikasema jina pembeni ya picha nalo linalindwa, kesi iendelee. Hapo hakukuwa na brashi wala Photoshop, ni mkasi tu.

Nahodha77
Samahani naingilia, na mimi picha zangu zote zina maandishi kona ya chini jina la simu na modeli, nimekuwa nikiyakata kila siku. Kumbe nitashtakiwa na kampuni ya simu?? Nina picha kama mia tano hapa.

PichaTamu
Nahodha 😂😂 hizo ni zako, umepiga wewe. Ingia kwenye kamera, mipangilio, tafuta sehemu ya watamaki uizime, hizo za zamani kata kwa raha zako. Kampuni ya simu haimiliki picha uliyopiga wewe kama ambavyo aliyeuza kalamu hamiliki barua yako.

Nahodha77
Afadhali, nilishaanza kutetemeka.

MamaWawili
Mimi langu liko tofauti na naona linanihusu. Harusi yangu nimemlipa mpigapicha hela yote, akanitumia linki ya picha 400 zote zina nembo yake katikati nichague 60 za albamu. Sasa hizo 340 nyingine anasema ni za kununua moja moja. Jamani si sura yangu hiyo? Na nimemlipa! Mdogo wangu kashanifutia kumi na tano nimeweka kwenye stetasi.

BibiLenzi
Pole mama, kwako ni kugumu kidogo na sitakudanganya kwamba jibu ni moja kote. Sehemu nyingi hakimiliki ya picha inabaki kwa aliyepiga hata kama sura ni yako na umemlipa, unless mkataba unasema vingine... nimeteleza kimombo, namaanisha isipokuwa kama mkataba unasema vingine. Lakini zipo nchi ambazo picha ya shughuli binafsi uliyoagiza na kulipia haki yake inakuwa yako wewe. Kwa hiyo toa mkataba usome unasema umenunua nini: masaa ya kupiga, au idadi ya picha, au faili zote. Kama umeandikwa "picha 60 zilizohaririwa", basi zile 340 ni sampuli za kuchagulia tu na nembo iko pale kwa sababu hiyo.

Hizo 15 ningezishusha leo. Halafu muombe bei ya fungu zima, usinunue moja moja. Wapigapicha wengi zile zilizobaki wanaziacha kwa bei nafuu kuliko zikae kwenye diski.

MamaWawili
Mkataba ni meseji za WhatsApp tu 🙈

BibiLenzi
Meseji nazo ni maandishi. Zisome.

DizainaMsaka
Bibi nashukuru, la kufuta nimelielewa na nimeshamwambia mteja sifuti. Sasa amenuna, anataka picha ile ile. Naanzia wapi kumtafuta mwenyewe? Watamaki yenyewe imekwanguka, mteja kaitoa kwenye blogu moja na ni ndogo, pikseli 600 kwa 900.

BibiLenzi
Kabla ya sheria piga hesabu ya bango, itakusaidia kumtuliza mteja. Bango la sentimita 85 ni kama inchi 33 na nusu. Pikseli 600 ukizigawa hapo unapata 18 kwa inchi. Bango la kusimama mtu analiangalia kwa karibu, angalau 100 kwa inchi ndiyo inakaa vizuri. Yaani hata ungefuta alama kwa ustadi wa malaika, ungechapa ukungu. Zile picha za onyesho zinatolewa ndogo makusudi, na sehemu uliyofuta kompyuta inabuni tu, sasa pale nyavu zinapopishana na maji utaona madoa doa kama uji.

Kumtafuta, anza na faili lenyewe. Kama unayo exiftool, ile programu ya kusoma metadata, yaani taarifa zilizojificha ndani ya faili, andika hivi:

```
exiftool -Artist -By-line -Creator -Copyright -Rights -WebStatement -LicensorURL mvuvi.jpg
```

Ukibahatika `LicensorURL` inakupa moja kwa moja anwani ya pa kununulia leseni. Kama imetoka tupu usishangae, blogu na mitandao mingi inafuta metadata wakati wa kupandisha picha.

Ikiwa tupu nenda TinEye, tovuti inayotafuta picha kwa picha, pandisha picha yako, panga matokeo kwa `Biggest Image` halafu kwa `Oldest`. Kubwa kuliko zote huwa iko karibu na chimbuko. Google nayo ukitafuta kwa picha, zile ambazo mwenyewe ameweka taarifa za leseni zinakuwa na alama ya `Licensable`. Na angalia ukingo wa chini wa picha yako, mawakala wengi wa picha wanachapa namba ya picha pale.

Mjuzi_wa_Kanuni
Ngoja nichokoze hapo kwenye metadata. Ikiwa blogu na mitandao inafuta metadata ya mamilioni ya picha kila siku, mbona hawashtakiwi wao? Kuna wapigapicha wa nyumba walijaribu huko huko Marekani, kesi ya Stevens dhidi ya CoreLogic, rufaa 2018, wakashindwa. Kwa hiyo kufuta taarifa siyo kosa automatiki kama Bibi anavyosema.

BibiLenzi
Umesoma vizuri lakini sijasema ni automatiki, nimesema "huku akijua". Wale walishindwa kwa sababu programu ilikuwa inafuta metadata ya kila picha bila kuchagua, na hawakuweza kuonyesha kwamba kampuni ilijua kufuta huko kutasaidia mtu kuiba. Mteja wa Dizaina yeye anataka alama moja iondolewe kwenye picha moja ili itumike bila kulipa. Nia iko mezani, kaiandika kwenye meseji.

Mjuzi_wa_Kanuni
Haya hilo nakupa. Na picha ya Creative Commons, zile leseni za kuachia kazi bure kwa masharti, yenye watamaki je? Leseni ya CC BY inaruhusu kubadilisha, kwa hiyo naweza kufuta nikaandika jina lake kwenye maelezo.

PichaTamu
Hapo mimi nasema inaruhusiwa mradi krediti ibaki.

BibiLenzi
Hapo watu wanabishana na mimi mwenyewe sina msimamo wa kufa nao. Leseni inaruhusu kubadilisha, kweli, lakini inataka pia utunze jina na tangazo la hakimiliki kama mwenyewe alivyoliweka, na useme kwamba umebadilisha. Mmoja atasema kulihamishia kwenye maelezo kunatosha, mwingine atasema umeondoa tangazo. Kama leseni ina ND hapo hakuna mjadala, ukishaibadilisha huruhusiwi kuisambaza. Mimi ningefanya la kivivu: ningemwandikia mpigapicha nimuombe faili lisilo na alama. Mtu aliyeiachia kwa CC BY mara nyingi anatuma siku hiyo hiyo.

DizainaMsaka
Wakuu narudi na ripoti. Exiftool ilitoka tupu kabisa. TinEye ikanipa mahali saba, sita ni blogu zinazoibiana, ya saba ni wakala wa picha, na ile namba ya ukingoni ilikuwepo kweli nilikuwa nimeidharau nikidhani ni tarehe. Nikaiweka kwenye kisanduku chao cha kutafutia ikaja picha yenyewe, saizi kubwa ni pikseli 4000 kwa 6000, naona na jina la mpigapicha. Nikafurahi nikawa nataka kulipia, ila chini pameandikwa `Editorial use only`. Hii nayo ni nini tena?

BibiLenzi
Vizuri hukulipia kwa haraka. Hiyo maana yake picha inauzwa kwa habari, makala, vitabu vya kiada, siyo kwa tangazo. Kwenye ukurasa huo huo tafuta panaposema kuhusu fomu ya ridhaa, utakuta hakuna. Yule mvuvi uso wake unatambulika na hakusaini karatasi ya kukubali atumike kuuzia bidhaa. Leseni ya wakala inakupa haki za mpigapicha, haiwezi kukupa haki za sura ya mvuvi kwa sababu mpigapicha mwenyewe hana.

Kwa hiyo ungelipia, ukapata faili safi lisilo na alama hata moja, ukachapa bango la nyavu za kuuza, bado ungekuwa umevunja masharti ya leseni na mvuvi naye angekuwa na neno na mteja wako. Picha safi na picha halali siyo kitu kimoja.

Kifundo
Duh. Sasa si bora aende kwenye zile tovuti za bure, Unsplash na Pexels, hakuna watamaki hakuna kelele.

BibiLenzi
Ni njia nzuri na hapa nakuunga mkono Kifundo, kwanza ingekuwa jibu la kwanza kama mteja asingeng'ang'ania picha moja. Leseni zao zinaruhusu biashara bila krediti. Ila swali la sura liko pale pale, na kuna watu wanapandisha picha ambazo siyo zao. Mimi huwa naangalia akaunti: ina picha nyingi zenye mkono mmoja, au ina tatu tu kila moja na kamera yake? Halafu naipitisha kwenye TinEye kabla ya kutumia. Na hifadhi skrinshoti ya ukurasa wenye leseni na tarehe.

Dizaina, kwako bado kuna mlango mmoja. Jina la mpigapicha unalo. Alfajiri ile hakupiga picha moja akaenda nyumbani. Mwandikie, tena usiandike "naomba picha yako ni bei gani", hatajua akujibu nini. Mwambie inatumika wapi, saizi gani, nakala ngapi, muda gani, eneo gani, na kama unataka uwe peke yako au hapana. Muulize kama ana fremu ya asubuhi ile isiyoonyesha uso, au kama anaweza kumpata mvuvi asaini. Angalia tu isije ikawa amejifunga na wakala kwamba wao peke yao ndio wanauza, akisema hivyo rudi kwa wakala.

DizainaMsaka
Nilimwandikia hivi, nabandika huenda ikamsaidia mwingine:

> Habari. Nimeona picha yako ya mvuvi kwa wakala, namba ya picha nimeiambatisha. Nina mteja anayeuza vifaa vya uvuvi. Anahitaji picha kwa bango 1 la sentimita 85 kwa 200 na vipeperushi 3,000 vya A4, kwa mwaka 1, nchi moja, siyo ya kipekee. Naona ile haina ridhaa ya anayeonekana. Je, una nyingine ya siku hiyo isiyo na uso, na bei yake kwa matumizi haya ni kiasi gani? Leseni itoke kwa jina la mteja.

Kajibu siku ya pili. Alichokipeleka kwa wakala ni picha nne tu, zilizobaki anaziuza mwenyewe. Katuma sampuli tatu ndogo, zote zina watamaki 😅, karuhusu niziweke kwenye rasimu mteja achague. Mteja kachagua ya mikono na nyavu, jua liko kati ya vidole, kwa kweli kwa bidhaa yake imekaa vizuri kuliko ile ya kwanza. Bei tumekubaliana, katuma invoisi yenye yale matumizi niliyoandika yote, tukalipa, faili limekuja safi, pikseli 4000 kwa 6000.

Hesabu ya Bibi nimeirudia: upana wa sentimita 85 inanipa kama 120 kwa inchi na urefu wa sentimita 127, zile 73 za chini nimeweka nembo na maandishi.

PichaTamu
Safi. Kwa nini leseni kwa jina la mteja lakini, si wewe ndiye umeitafuta?

DizainaMsaka
Anayetumia ni yeye. Nisingependa siku akichapa vipeperushi elfu kumi kwingine nitafutwe mimi. Metadata nimeiacha ndani ya faili, sijagusa.

MamaWawili
Nimesoma meseji zangu. Imeandikwa "albam picha 60 na softi kopi". Softi kopi za nini, za 60 au zote? Yeye anasema 60, mimi naelewa zote.

Mjuzi_wa_Kanuni
Hapo hata mimi naelewa zote.

BibiLenzi
Mimi naona sentensi inakwenda pande zote mbili. Ongeeni kabla hamjagombana. Zile 15 umeshusha?

MamaWawili
Nimeshusha 13.

Kifundo
Mimi bado nasema wengi wanafuta na maisha yanaenda. Ila lile la mvuvi limenishtua, nina kalenda ya mwaka jana hapa ina sura nane.

DizainaMsaka
Mteja kapiga simu sasa hivi. Bango kalipenda, anataka ile mikono aiweke kwenye fulana auze dukani. Leseni inasema bango na vipeperushi, au naruhusiwa kwa kuwa faili tayari tunalo?

BibiLenzi
Faili mnalo, ruhusa hamna. Hata kwa mawakala ni hivyo, leseni ya kawaida kwa wengi wao inaishia nakala 500,000 za machapisho, lakini fulana moja tu ya kuuza inataka leseni ya ziada kwa sababu picha ndiyo inakuwa bidhaa yenyewe. Muulize mpigapicha, mpe idadi ya fulana.

DizainaMsaka
Sawa, namwandikia kesho. Mteja anasema fulana hamsini "za kuanzia", ngoja kwanza nimbane anipe namba kamili.